Je, Barafu na Aisikrimu Huleta Maumivu ya Koo?

Siku tulipokutana sisi wanafunzi wa zamani hapa shuleni, nilisimama kidogo penye duka lililo nje ya lango. Kijana mmoja wa kidato cha nne alikuwa akimkataza mdogo wake asinunue soda iliyotoka kwenye friji. "Chukua ile ya moto," alimwambia, "baridi itakuharibu koo." Mtoto akatii, akanywa soda yake ya vuguvugu bila furaha. Nilicheka moyoni, kwa kuwa miaka mingi iliyopita mimi nami niliambiwa maneno hayo hayo. Sasa mimi ni tabibu katika zahanati, na kila wiki wazazi huniletea watoto wenye koo bovu na kuniambia kuwa kisa ni aisikrimu. Basi namwomba Mhariri anipe nafasi kidogo nieleze habari hii, kwani kosa lake si dogo kama lidhaniwavyo.

Nianze na jambo lililotupata sisi wenyewe mwaka 1998. Siku ya Jumamosi tulikuwa na mashindano ya michezo, na jua lilikuwa kali. Mwenye duka alileta sanduku kubwa la barafu lililojaa soda. Ilipofika Jumatatu, wavulana sita wa bweni letu walikuwa wakilalamika koo. Matroni hakungoja kuuliza. Akasema ni ile barafu, na soda baridi zikapigwa marufuku muhula mzima.

Mwalimu wetu wa baiolojia aliposikia alituuliza swali moja tu: "Mmehesabu?" Tukajibu hatukuhesabu. Akatutuma tukaulize kitanda kwa kitanda. Bwenini tulikuwa 24, mbali na mwenzetu mmoja aliyerudi kutoka kwao Jumatano akiwa na mafua na kikohozi. Huyo tulimwacha nje ya hesabu. Kati ya hao 24, waliokunywa soda baridi walikuwa 16, na wasiokunywa kwa kukosa fedha walikuwa 8. Katika wale 16, wagonjwa walikuwa 4. Katika wale 8, wagonjwa walikuwa 2. Mwalimu akaandika ubaoni: 4 katika 16 ni robo, na 2 katika 8 ni robo. Waliokunywa na wasiokunywa wameugua sawasawa.

Kisha akatuambia tuhesabu tena, lakini safari hii tusiulize habari za soda. Tuulize nani analala karibu na yule aliyerudi Jumatano, na nani anatumia kikombe kimoja naye penye mtungi wa maji. Katika wagonjwa 6, watu 5 walikuwa jirani zake au wenzake wa kikombe. Tena wawili walikumbuka kwamba Jumamosi asubuhi, kabla hata sanduku la barafu halijafika, makoo yao yalikuwa yamekwisha anza kukauka. Ndiyo maana walikimbilia kinywaji baridi kwa hamu kuliko wengine.

Hesabu ya bweni moja ni ndogo mno kuthibitisha jambo kwa ulimwengu mzima, na Mwalimu mwenyewe alituonya hivyo. Lakini ilitufundisha mahali pa kutazama. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, vile vile viletavyo mafua. Mengine, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, huletwa na bakteria iitwayo streptokoki. Virusi vya mafua hukaa mwilini siku moja hadi tatu kabla mtu hajajisikia mgonjwa. Streptokoki hukaa siku mbili hadi tano. Basi mtu anayeamka na koo bovu leo aliambukizwa juzi au mtondo uliopita. Yeye hakumbuki mtu aliyekohoa karibu naye siku hiyo, bali akumbuka aisikrimu ya jana jioni, maana ilikuwa tamu. Hivyo aisikrimu inashtakiwa kwa kosa la mwingine.

Na ile baridi yenyewe hufanya nini kooni? Funda la maji ya barafu likipita, ngozi ya ndani hupoa, mishipa midogo ya damu hujikaza, na mahali pale hufa ganzi kidogo. Baada ya dakika chache damu yenye joto la nyuzi 37 huwa imekwisha parudisha katika hali yake. Hapana kidonda kilichobaki, wala viini havizaliwi na barafu. Watoto waliokatwa mafindofindo hospitalini hupewa vinywaji baridi, na mara nyingine aisikrimu, kwa sababu baridi hupunguza maumivu. Kama ingekuwa sumu ya koo, isingepelekwa penye jeraha bichi.

Labda msomaji atasema, "Haya, barafu ya kinywani nimekubali, lakini baridi ya mwilini je? Mvua na upepo?" Swali hili limewasumbua wataalamu pia. Mwaka 1946 Waingereza walifungua kituo cha kuchunguza mafua mjini Salisbury. Watu waliojitolea walioga maji ya moto, kisha wakasimamishwa wakiwa wamelowa katika ujia wenye upepo, na baadaye wakavaa soksi mbichi. Waliotiwa baridi peke yake, bila kupewa virusi, hawakupata mafua.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Mwaka 2005, huko Cardiff, watu 90 walitia miguu katika maji baridi kwa dakika 20, na wengine 90 wakatia miguu katika beseni tupu. Katika siku zilizofuata, 13 wa kundi la kwanza walisema wana dalili za mafua, na 5 wa kundi la pili. Watu hao hawakupimwa virusi, kwa hiyo twajua walivyojisikia, si kilichokuwamo puani mwao. Tena imeonekana katika maabara kwamba virusi vya mafua huzaana vizuri zaidi katika nyuzi 33, ambalo ni joto la pua, kuliko nyuzi 37. Basi yaweza kuwa baridi huwasaidia kidogo virusi waliokwisha kuingia. Bali mahali pasipo virusi, baridi haina wa kumsaidia.

Yapo pia madhara ya baridi yaliyo ya kweli. Mwenye pumu aweza kubanwa kifua na hewa baridi. Mtoto mchanga akiachwa apoe aweza kufa, naye sharti afunikwe. Hata barafu ina hatari yake, ila si ubaridi wake: ni maji iliyofanywa nayo. Kugandisha hakuui viini vyote, na barafu ya maji machafu huleta homa ya matumbo kama maji yale yale. Tena chupa moja ikipita midomo mitano, mgonjwa mmoja aweza kuwapa wanne koo lake, iwe chupa ni ya baridi au ya moto.

Sasa nifike kwenye sababu iliyonifanya nishike kalamu. Nilikuwa na rafiki mpenzi, mwenyeji wa Kabale kule milimani, mchezaji hodari wa mpira. Katika likizo moja aliumwa koo sana, akawa na homa kali, lakini hakukohoa wala hakutoka kamasi. Nyumbani walimnyima maji baridi, wakamfunga shuka shingoni, wakampa maji ya chumvi asukutue. Baada ya siku nne akapona, nao wakasema, "Umeona? Ni baridi tu." Wiki tatu baadaye goti lilivimba likawa jekundu, likapoa, kikavimba kiwiko, kikapoa, kikavimba kifundo cha mguu. Watu wakasema amelala juu ya saruji, amepatwa na baridi yabisi. Aliporudi shuleni hakuweza kupanda ngazi za bweni bila kutweta.

Jina hilo baridi yabisi lilitudanganya sote. Ugonjwa wake haukutoka sakafuni. Ni homa ya rumatiki, na ilitoka kwenye lile koo. Mwili ulipopigana na streptokoki ulitengeneza silaha, na silaha hizo zikakosea shabaha zikapiga viungo na moyo. Viungo hupona, lakini milango ya moyo ikipata makovu haifungi vizuri tena. Rafiki yangu yu hai, ashukuriwe Mungu, ila hakucheza mpira tena, na kila baada ya wiki nne huchomwa sindano ya penisilini ili koo jingine lisije kuumaliza moyo wake.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba dawa ilikuwapo. Koo la streptokoki likitibiwa kwa penisilini ndani ya siku tisa tangu kuanza, homa ya rumatiki huzuilika. Hutolewa sindano moja ya penisilini ya benzathini, au vidonge kwa siku kumi. Wengi huacha vidonge siku ya tatu maumivu yanapokwisha, na hilo ni kosa. Mwenzetu hakupata hata kimoja, kwa kuwa kila mtu alikuwa akilinda koo lake lisiguswe na baridi.

Utajuaje basi koo la kupeleka kwa tabibu? Kama kuna kamasi, kikohozi na sauti ya kukwaruza, kwa kawaida ni virusi. Penisilini haitasaidia kitu, na mgonjwa atapona kwa muda wa wiki moja. Bali kama mtoto ana homa ya kupita nyuzi 38, hana kikohozi, tezi za shingo zimevimba na zinauma, na mafindofindo yamevimba au yana madoa meupe ya usaha, asikae nyumbani. Kwa macho tu hata tabibu hawezi kuwa na hakika. Panapo maabara hupangusa koo kwa pamba na kupima, na pasipo maabara hupima dalili hizo na kuamua. Na mgonjwa asiyeweza kumeza hata mate, au anayepumua kwa shida, apelekwe hospitali saa ile ile.

Wakati huo mpeni mgonjwa anywe apendacho. Chai ya vuguvugu ikimpendeza, vema. Maji ya barafu yakimpendeza, vema vile vile. Kitu asichostahili kufanya ni kumpa mwenzake kikombe chake.

Ninyi mlio shuleni sasa, mtakapomsikia mtu akisema "ni soda baridi," fanyeni alivyotufanyisha Mwalimu: ulizeni ni wangapi walikunywa wasiugue, na ni wangapi waliugua bila kunywa. Kisha mwambieni mgonjwa afungue kinywa, mtazame koo lake kwenye mwanga. Laiti sisi tungelitazama la yule ndugu yetu wa Kabale.