Nauli ya Mama Mmoja

Likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, simu hazitulii. Huyu anaomba mchango wa kisima, yule futari ya yatima, mwingine bati za msikiti uliofika kwenye linta. Katikati ya msururu huo unaweza kuingia ujumbe kama huu:

"Mama ana miaka 24. Alishikwa na uchungu siku mbili nyumbani, mtoto akafia tumboni, na tangu siku hiyo mkojo unamtoka bila kizuizi. Operesheni inafanywa bure Dar es Salaam. Anachokosa ni nauli. Shilingi 50,000 itamtoa kijijini Singida mpaka hospitali, pamoja na chakula cha njiani."

Mama huyo ni wa mfano. Tumemuunda hapa kutokana na yanayowapata wagonjwa wengi wa fistula ya uzazi, na nauli yake ni ya kukadiria. Lakini ombi lenyewe limesimama juu ya jambo la kweli.

Fistula hutokea pale uchungu unapokaa muda mrefu bila mtoto kupita. Kichwa chake kinabana nyama laini za mama kwenye mfupa wa nyonga, damu haifiki, na baada ya siku kadhaa sehemu ile iliyokosa damu inakufa na kuacha tundu kati ya kibofu na uke. Mkojo unatiririka usiku na mchana. Mwanamke anafunga vitambaa, anavifua, anafunga vingine. Anaacha kupanda daladala kwa sababu ya harufu, anaacha kwenda msibani na harusini, na mara nyingi mume naye huondoka.

Hospitali ya CCBRT, iliyoko Msasani, Dar es Salaam, imekuwa ikitibu fistula bila malipo. Hata hivyo wanawake wengi hawakufika. Waliokuwa wakiihitaji zaidi walikuwa vijijini mbali, na mtu asiye na hela ya basi haponi kwa kuambiwa matibabu ni bure. Mwaka 2009 hospitali ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa. Kwa kuwa wagonjwa wengi hawakuwa na simu, fedha zilipitia kwa mtu wa eneo lao aliyeitwa balozi, ambaye angeweza kuwa mhudumu wa afya au mwanamke aliyekwisha kutibiwa. Balozi alimtambua mgonjwa, akapiga simu hospitali, akapokea nauli, akakata tiketi na kumpandisha basi. Mgonjwa akishafika, balozi alitumiwa ahsante yake kwa njia hiyo hiyo. Kwa mpango huo ahsante hailipwi kwa ahadi wala kwa orodha ya majina. Inalipwa mama akishaonekana mlangoni.

Ndiyo maana ombi la nauli linaweza kuwa fupi namna ile. Pengo ni moja, lina bei, na mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuliziba peke yake.

Kwa nini basi asimulie habari za mama mmoja, na asitaje maelfu? Swali hilo liliwahi kupimwa. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walitoa matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Kila mwanafunzi alilipwa dola 5 kwa kujaza dodoso fulani, kisha akapewa barua ya kuomba mchango kwa ajili ya shirika la watoto. Kundi moja lilisoma habari za Rokia, msichana wa miaka 7 wa Mali mwenye njaa. Kundi la pili lilisoma takwimu za mamilioni wanaokosa chakula Afrika. Waliosoma kuhusu Rokia walitoa wastani wa dola 2.38, na waliosoma takwimu dola 1.14. La kushangaza ni kundi la tatu, lililopewa Rokia pamoja na takwimu: lilitoa dola 1.43 tu. Takwimu hazikuongeza nguvu ya kisa. Zilikipunguza.

Waandishi wa maombi wanalijua hili, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwenye kalamu akishaona kwamba mtu mmoja anafungua mifuko, anashawishika kumkoleza: anamwongezea machozi, anampunguzia miaka, anamwahidi uzima. Soma tena ujumbe wetu uone kitenzi kilichotumika. Umesema shilingi 50,000 itamtoa kijijini mpaka hospitali. Haukusema itamponya. Baada ya operesheni mama hukaa na mpira wa mkojo kwa takriban wiki mbili ili kidonda kishike, na kwa walio wengi tundu huziba mara ya kwanza. Si wote. Wengine hurudi chumba cha upasuaji, na wengine huendelea kuvuja hata tundu likiwa limeziba, kwa kuwa misuli ya kuzuia mkojo nayo iliumia. Aliyepona kabisa huambiwa kwamba uzazi unaofuata uwe wa hospitali, kwa upasuaji. Ombi linalosema "mchango wako utampa maisha mapya" limeahidi jambo ambalo hata daktari bingwa haliahidi.

Kingine ni sura ya mama. Fistula ni ugonjwa unaofichwa, na picha ikishatumwa kwenye simu moja hairudi tena. Mgonjwa aliyelala kitandani, akisubiri operesheni ya bure, ni vigumu kumkatalia anayemtibu ruhusa ya picha. Kwake hilo linaonekana kama malipo. Kwa maoni ya gazeti hili, ruhusa iombwe akishatibiwa na kuruhusiwa kwenda kwao, asomewe maneno yote yatakayoandikwa, na aambiwe waziwazi kwamba akikataa hakuna kitakachobadilika. Jina libadilishwe, kijiji kisitajwe. Mikono inayofunga vitambaa inaeleza vya kutosha.

Kwa Ramadhani kuna suala jingine ambalo waombaji wengi hulipita haraka mno. Fedha za mwezi huu hazina jina moja. Sadaka ni ya hiari na huingia popote penye kheri. Zakatul-fitri hutolewa kabla ya sala ya Idi, na asili yake ni chakula. Zaka ya mali ni asilimia 2.5 ya mali iliyofika kiwango na kukaa mwaka, na wanaostahili kuipokea ni makundi manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60, yakianza na mafakiri na maskini. Wanazuoni wengi wanataka zaka imfikie mhitaji mwenyewe na kuwa mali yake. Ndiyo kusema kujenga wodi au kulipa mishahara kwa zaka ni jambo wengi wao hawalikubali. Nauli anayopewa mama asiye na kitu inakaa karibu zaidi na sharti hilo. Taasisi inayojali wachangiaji wake itaeleza ndani ya ombi lenyewe kama inapokea zaka au sadaka tu, na zaka hizo itazitenga katika akaunti yake.

Basi ombi kama hili likikufikia usiku wa ishirini na saba na moyo ukaguswa, toa. Ila kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la mpokeaji linalotokea kwenye simu. Likiwa la mtu binafsi badala ya taasisi iliyotajwa, simama hapo. Asubuhi piga simu hospitali yenyewe, uulize nauli za wagonjwa zinapokelewa kwa namba ipi.