Jina Jipya, Wateja Wale Wale: Utambuzi wa Chapa katika Kuundwa kwa Benki ya NCBA

Tarehe 30 Septemba 2019 benki mbili za Kenya, NIC na Commercial Bank of Africa iliyojulikana zaidi kwa ufupisho wa CBA, ziliungana rasmi kuwa benki moja iliyoitwa NCBA. Hakuna kati ya hizo mbili iliyokuwa changa. NIC ilianzishwa mwaka 1959 kama kampuni ya kukopesha wanunuzi wa magari na mitambo, nayo CBA ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kuhamishia makao yake Kenya baada ya Tanzania kutaifisha mabenki mwaka 1967. Makala hii inaeleza jinsi jina lililotokana na muungano huo lilivyoundwa, na kwa nini uzito wa kubadilishwa kwa majina ya zamani haukuwaangukia wateja wote kwa kiwango kimoja.

Kampuni mbili zinapoungana huwa na njia chache za kuchagua kuhusu jina. Zinaweza kubakiza jina la mmoja na kulizika la mwingine, kama ilivyotokea mwaka 2005 CBA ilipoimeza First American Bank of Kenya. Zinaweza kubuni jina lisilohusiana na yaliyotangulia, au kuunganisha vipande vya majina yote mawili. Njia ya kwanza hulinda utambuzi wa upande mmoja kwa gharama ya upande wa pili, na kwa kawaida hufuata nguvu ya fedha. Katika muungano wa mwaka 2019 nguvu hiyo ilikaribiana: wanahisa wa CBA walipata asilimia 53 ya kampuni mpya na wale wa NIC asilimia 47. Kwa mgawanyo kama huo, kulifuta kabisa jina la upande wowote kungesomeka kama tamko la kushindwa, hasa machoni pa wafanyakazi ambao ndio humweleza mteja habari za mabadiliko.

Jina NCBA huonekana kama mgawanyo wa haki, lakini ukilichambua herufi kwa herufi utaona kwamba sivyo. Herufi tatu za CBA zimo zote, kwa mpangilio wake ule ule, na zimetanguliwa na N tu. Mteja wa CBA anayelitupia jicho bango jipya hukutana na jina lake likiwa zima. Mteja wa NIC hupata N mwanzoni na C inayoifuata, lakini herufi ya katikati imetoweka. Jambo la kuvutia ni kwamba kisheria mambo yalikuwa kinyume katika soko la hisa: kampuni iliyokuwa imeorodheshwa Nairobi ilikuwa NIC Group, nayo ndiyo iliyobadilishwa jina kuwa NCBA Group. Kwa hiyo aliyenunua hisa za NIC alibaki na hisa zake katika kampuni ile ile, ilhali mteja wa tawi la NIC ndiye aliyepoteza sehemu kubwa zaidi ya jina alilolizoea. Mtafiti anayechukua uandikishaji wa kampuni kama ushahidi wa jina lipi limedumu atapotoka.

Je, hasara hiyo ya NIC ilikuwa kubwa? Hapa inafaa kutofautisha aina mbili za kumbukumbu. Ya kwanza ni kulikumbuka jina bila kidokezo: mteja anaulizwa anaweka fedha benki gani, naye analitaja mwenyewe. Ya pili ni kulitambua jina linapowekwa mbele yake. Jina la mseto husaidia sana aina ya pili, kwa kuwa jicho hushika herufi zilizozoeleka. Kwa aina ya kwanza halisaidii hivyo, maana ulimi bado hutaja jina la zamani kwa muda mrefu. Tuchukulie kwamba tunawahoji wateja mia moja wa NIC wa zamani miezi sita baada ya mabadiliko. Iwapo tisini wanatambua nembo mpya lakini arobaini tu wanaitaja wenyewe, benki haijapoteza wateja. Imepoteza jina katika mazungumzo yao. Tofauti hiyo ina athari, kwa sababu mtu anapomshauri ndugu yake aende kukopa gari, humtajia jina analolikumbuka, na ndugu huyo halikuti popote mjini. Dodoso linalouliza swali la utambuzi peke yake litatoa matokeo ya kufurahisha na kuficha tatizo hilo.

Nje ya Kenya jina NIC lilikuwa na udhaifu wa awali. Tanzania na Uganda herufi hizo hizo zilikuwa tayari za mashirika ya bima ya taifa, na Mtanzania anayesikia NIC huwaza bima kabla ya benki. Benki za nchi hizo mbili zilipounganishwa mwaka 2020, kuachana na jina hilo Tanzania kuliondoa mkanganyiko wa muda mrefu. Jina lile lile lililokuwa mali jijini Nairobi lilikuwa nusu mzigo Dar es Salaam.

Kundi kubwa zaidi la wateja halikuguswa kabisa. Tangu Novemba 2012 CBA ilikuwa ikiendesha M-Shwari kwa kushirikiana na Safaricom: mteja wa M-Pesa huweka akiba na kukopa kwa simu pasipo kuingia tawini. Mamilioni ya watu hao waliijua M-Shwari. Benki iliyokuwa nyuma yake hawakuwa na sababu ya kuijua. Muungano ulipokamilika jina M-Shwari liliachwa kama lilivyo, sawa na M-Pawa iliyoanzishwa Tanzania pamoja na Vodacom mwaka 2014. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi uliolinda utambuzi kuliko herufi zozote za nembo. Uaminifu wa mteja hushikamana na jina analolitumia kila siku, na si lazima liwe lile lililo kwenye hati ya usajili. Kampuni inayobandika jina jipya kwenye kila bidhaa kwa ajili ya umoja wa chapa hujitafutia hasara ambayo haikuwa na ulazima.

Kuna tabaka jingine ambalo wataalamu wa chapa hulisahau, nalo ni la vitambulisho vya malipo. Mwajiri anayelipa mishahara, au jamaa anayetuma fedha kutoka ng'ambo, huitambua benki kwa namba na msimbo. NCBA iliendelea kutumia msimbo wa SWIFT wa CBAFKENX, ambamo herufi za CBA zinasomeka waziwazi hadi leo. Kwa aliyetoka CBA hilo lilimaanisha kutobadilisha chochote. Kwa aliyetoka NIC, maelekezo aliyokwisha kuwapa wanaomlipa yalihitaji kuandikwa upya, na ni katika hatua kama hiyo ambapo mteja mwaminifu huanza kujiuliza kama kuna haja ya kubaki.

Kipindi hicho cha kuandika upya ndicho pia matapeli hukipenda. Ujumbe unaosema akaunti imehamia benki mpya na kumtaka mteja athibitishe namba yake ya siri huaminika kwa urahisi, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Kinga inayofaa ni kwa benki kutangaza mapema, kwa jina la zamani na kupitia namba ambayo mteja tayari anaifahamu, tarehe ya mabadiliko, orodha ya yatakayobadilika, na kwamba hakuna atakayemwomba namba ya siri. Tangazo la kwanza likitoka kwa jina jipya, mteja makini atalipuuza kama utapeli, naye atakuwa ametenda sawasawa. Dalili ya kosa hilo huonekana kwanza katika kituo cha simu: maswali ya "nyie ni nani?" yanapozidi maswali ya "nifanye nini?", ujue kwamba jina limetangulia kufika kabla ya maelezo yake.