Makofi ya sekunde 2.5

Prodyuza anayeanza kazi Sumbawanga halipii programu. LMMS inapakuliwa bure, na Audacity vilevile. Fedha yake inaishia kwenye kompyuta, spika na bando. Kwa kuwa kila mshindani wake ana programu hizohizo, kinachobaki cha kuuza ni sauti ambayo wengine hawana, na hapo ndipo Ufipa ina mtaji.

Tuseme amerekodi kwa simu akina mama wakiimba na kupiga makofi. Ndani ya rekodi hiyo amepata kipande chenye makofi manne, urefu wake sekunde 2.5. Makofi manne kwa sekunde 2.5 ni sawa na 96 kwa dakika, na hiyo ndiyo tempo ya kuandika. LMMS hufungua mradi mpya ikiwa kwenye 140. Asiyeibadili husikia ngoma zikikimbia huku makofi yakibaki nyuma, akadhani amekata vibaya.

Ukataji wenyewe anaufanya Audacity, kofi moja moja. Mkato ukiangukia katikati ya wimbi, husikika mlio mdogo wa "tik" kila kipande kinapoanza. Kitufe cha `Z` huusogeza mkato hadi wimbi linapovuka sifuri, na mlio unakwisha.

Kisha kipande kinaingia kwenye `AudioFileProcessor` ya LMMS. Hapa wengi hukwama, kwa sababu kupandisha sauti huharakisha mwendo pia. Akipandisha kipande kizima nusutoni 3, kasi inaongezeka mara 1.19 hivi: sekunde 2.5 zinakuwa 2.1, na 96 inakuwa 114. Ama abadilishe tempo ya biti iwe 114, ama apange makofi yaliyokatwa moja moja kwenye 96 ileile. Mimi napendelea njia ya pili, maana kila kofi hubaki na pumzi yake. `Change Pitch` ya Audacity hubadili sauti bila kugusa mwendo, ila ukipanda sana waimbaji husikika kama wako ndani ya maji.

Watayarishaji wa singeli Dar es Salaam waliukubali mwendo unaoongezeka sauti inapopandishwa, badala ya kuukwepa. Walichukua vipande vya taarabu, wakaviharakisha, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa singeli, Sounds of Sisso.

Lakini kukata rekodi ya mtu mwingine kuna gharama isiyoonekana kwenye programu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda, miongoni mwa haki nyingine, ya mtunzi na ya mwenye rekodi. Anayeuimba upya wimbo anamwendea mtunzi. Anayekata rekodi anawahitaji wote wawili. Sheria hiyo inalinda hata sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara, kwa hiyo kurekodi mwenyewe kijijini kunamwondolea prodyuza hitaji la idhini ya mwenye rekodi tu. Idhini ya waimbaji, pamoja na mgawo wao, iandikwe kabla biti haijauzwa, kwa sababu mnunuzi akishatoa wimbo, prodyuza hana tena kipande cha kurudisha.