Mkwaju Mmoja Mwishoni mwa Anwani

Kikundi kimoja cha utamaduni kilikuwa na tovuti ya zamani ambayo malipo yake ya mwaka yalikaribia kwisha. Kompyuta iliyokuwa na faili za awali ilikwisha kufa, na nakala nyingine haikuwepo. Nikaombwa nizivute makala zote 64 kabla seva haijazimwa. Niliandika programu tambazi, yaani programu inayofungua ukurasa, ikasoma viungo vilivyomo, kisha ikavifuata kimoja baada ya kingine kama mtu anayebofya. Nikaiwasha usiku nikalala. Asubuhi nikakuta ukurasa wa mbele, ukurasa wa orodha, na namba 404 mara 64. Nilipofungua makala zilezile kwa kivinjari, zilifunguka zote.

Nilihangaika nusu siku kabla ya kuona kwamba tatizo lote lilikuwa mkwaju mmoja, hii alama `/`.

Viungo vingi ndani ya kurasa haviandikwi kwa anwani kamili. Mwenye tovuti huandika `makala-7.html` tu, akijua kivinjari kitajaza kilichobaki. Ni kama kumwelekeza mgeni kwa kusema “nyumba ya tatu, mkono wa kushoto.” Maelekezo hayo ni sahihi kabisa, ila yana maana kwa mtu aliyesimama mahali fulani tu. Akisimama mtaa wa pili, ya tatu kushoto ni nyumba ya watu wengine. Kwa hiyo programu ikikutana na kiungo kifupi lazima kwanza ijue imesimama wapi. Mahali hapo ni anwani ya ukurasa ambamo kiungo kimeandikwa, na ndiyo inayoitwa anwani ya msingi.

Kanuni ya kuunganisha imeandikwa katika waraka wa RFC 3986 wa mwaka 2005, na kiini chake ni chepesi. Chukua anwani ya msingi, futa kila kilichoandikwa baada ya mkwaju wa mwisho, kisha bandika kiungo hapo. Kiungo kikianza na mkwaju, kama `/picha/ngoma.jpg`, unarudi hadi kwenye jina la tovuti na kuanzia hapo. Kikianza na `../`, unapanda folda moja juu. Hakuna haja ya kuifanya kazi hii kwa mkono, na sikushauri ujaribu kuunganisha maandishi kwa alama ya kujumlisha. Paithoni ina kifaa chake tayari. Tazama kinachotokea kwa anwani mbili ambazo jicho laweza kudhani ni moja:

```python
from urllib.parse import urljoin

urljoin("https://example.org/habari", "makala-7.html")
# https://example.org/makala-7.html

urljoin("https://example.org/habari/", "makala-7.html")
# https://example.org/habari/makala-7.html
```

Katika mstari wa kwanza, mkwaju wa mwisho uko kabla ya neno `habari`, kwa hiyo neno lenyewe limefutwa kana kwamba ni jina la faili. Katika wa pili, `habari/` ni folda, nayo imebaki. Hapo ndipo makala zangu zilipopotelea. Nimeweka `example.org` badala ya jina halisi la tovuti, lakini mpangilio ulikuwa huohuo.

Swali likawa: mbona kivinjari hakikukosea, na chenyewe kilipewa anwani ileile isiyo na mkwaju? Nilipoyatazama majibu ya seva yenyewe, si ukurasa tu, niliona hivi:

```
GET /habari
301 Moved Permanently
Location: /habari/
```

Seva ilikuwa inasema: ulichoomba kimehamia kule, nenda ukakichukue. Seva ya Apache hufanya hivyo yenyewe ukiomba folda bila mkwaju wa mwisho. Kivinjari kilihama, kikasoma ukurasa kikiwa kimesimama kwenye `/habari/`, na viungo vyote vikanyooka. Programu yangu nayo ilihama, maana maktaba ya Requests niliyoitumia hufuata maelekezo hayo bila kuambiwa. Lakini mimi niliunganisha viungo kwa anwani niliyoomba, si kwa anwani niliyofikia. Dawa ilikuwa neno moja: kutumia `r.url`, ambayo ni anwani ya mwisho, kuwa msingi. Kama ukurasa wenyewe una tagi ya `<base href>`, hiyo ndiyo itangulie. Angalia pia kwamba ile `Location` nayo ni fupi. Ukiamua kufuata uelekezaji mwenyewe, iunganishe na anwani uliyoomba kabla ya kwenda popote.

Usiku wa pili faili zote 64 zikaja, kila moja na namba 200, yaani sawa. Nilifurahi mapema. Nilipozipanga kwa ukubwa, faili 9 zilikuwa na baiti zilezile kabisa. Nikafungua moja: ukurasa wa mbele. Nyingine: ukurasa wa mbele.

Jambo hili hunisumbua kuliko 404, kwa sababu 404 angalau inasema kweli. Aliyeitunza tovuti alikuwa ameipanga seva ili kila makala iliyofutwa imrudishe msomaji mwanzo. Seva ilijibu 302, uelekezaji wa muda, kwenda `/`, na huko ikatoa 200. Programu inayotazama namba ya mwisho peke yake huandika “imepatikana” mbele ya kitu kisichokuwepo. Tangu hapo naandika safari nzima: anwani iliyoombwa, kila kituo na namba yake, na anwani ya mwisho. Katika Requests vituo hivyo vimo ndani ya `r.history`. Makala mbili tofauti zikiishia anwani moja, hiyo ni dalili ya kutosha kukagua kwa macho.

Safari hiyo pia iwekewe kikomo, kwa kuwa ukurasa wa kwanza waweza kukupeleka wa pili, na wa pili ukakurudisha wa kwanza bila mwisho. Requests huacha baada ya hatua 30. Mimi huweka 10, kwani sijaona tovuti ya kweli inayohitaji zaidi. Na baada ya kila kuhama, hakikisha bado uko kwenye tovuti uliyoruhusiwa kunakili.

Kulikuwa na namba moja zaidi. Picha kadhaa zilirudisha 503, nami nilikuwa nimeziweka kapu moja na 404. Si sawa hata kidogo. 404 ni “hakipo hapa,” na 410 ni “kimeondolewa, usirudi.” 503 ni “siwezi kwa sasa,” na 429 ni “unaniomba haraka mno.” Hizi mbili za mwisho zinaweza kuja na `Retry-After`, inayotaja sekunde za kusubiri au tarehe kamili. Seva ile ndogo ilikuwa imeelemewa na programu yangu, ikaniomba nisubiri sekunde 120. Nilitii, nikapunguza mwendo hadi ombi moja kila sekunde tano, na picha zote zikaja.

Nilipeleka makala 55 na jedwali la zile 9, mbele ya kila moja nimeandika: 302, imeishia ukurasa wa mbele. Katibu wa kikundi, mama mtu mzima, alivaa miwani akapitisha kidole mstari kwa mstari. Alisimama kwenye wa nne. “Hii ninayo nyumbani, mwanangu,” akasema. “Niliichapa kabla hawajaifuta.”