Je, Ni 3 au Hasi 3?

Walimu wa hisabati wa sekondari wanaijua karatasi ya aina hii. Mwanafunzi amekamilisha mraba hatua kwa hatua, kazi yake ni safi, lakini nukta ya kugeukia aliyoiandika mwishoni haipo kabisa kwenye mchoro wa swali alilopewa. Kosa limetokea mahali padogo, pengine kwenye alama moja tu ya kutoa, na lingeonekana mara moja kama angeingiza namba mbili kwenye jibu lake kabla ya kuhamia swali linalofuata. Shida ni kwamba wengi huingiza namba moja, tena ile ambayo haiwezi kulifichua kosa hilo.

Tuchukue usemi 2x² − 12x + 11. Kukamilisha mraba ni kuuandika upya ili x itokee mara moja tu, ndani ya mabano yenye kipeo cha pili. Kwanza tunaitoa 2 nje kwenye sehemu mbili za mwanzo na kuiacha 11 ilipo: 2(x² − 6x) + 11. Nusu ya 6 ni 3, kwa hiyo tunaangalia (x − 3)². Ukiyafungua mabano hayo unapata x² − 6x + 9, yaani kile tulichokitaka na ziada ya 9. Basi ziada hiyo tunaiondoa palepale: 2[(x − 3)² − 9] + 11. Ile 2 ya nje inazidisha kila kilichomo ndani, pamoja na ile hasi 9, nayo inakuwa hasi 18. Hasi 18 kujumlisha 11 ni hasi 7. Jibu ni 2(x − 3)² − 7.

Ile 9 haikuanguka kutoka mbinguni. Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliieleza njia hii kwa mchoro. Kwa mlinganyo x² + 10x = 39, alichora mraba wenye upande wa x, akaunganisha mistatili miwili yenye upana wa 5 kwenye pande zake mbili zinazokutana. Umbo linalopatikana ni mraba mkubwa uliopungukiwa kona moja, na kona hiyo ni 5 kwa 5. Ukiijaza unaongeza 25, na 39 na 25 ni 64, ambayo ni 8 kwa 8. Kwa hiyo x + 5 ni 8, na x ni 3. Nusu tunayoichukua kila mara inatoka hapo: ile 10 imegawanywa kwenye pande mbili.

Sasa tulikague jibu letu. Namba rahisi kuliko zote ni sifuri. Kwenye usemi wa mwanzo, x ikiwa 0 tunabaki na 11. Kwenye jibu, (0 − 3)² ni 9, mara 2 ni 18, toa 7 ni 11. Zinalingana. Mwanafunzi aliyesahau kuizidisha ile 9 kwa 2 angekuwa na 2(x − 3)² + 2, na sifuri ingempa 20. Hapo angejua papo hapo kwamba kuna kitu kimeharibika.

Lakini mwingine ameandika 2(x + 3)² − 7. Akiingiza sifuri anapata 18 toa 7, yaani 11, na anaridhika. Jibu lake si sahihi, ila sifuri haiwezi kumwambia, kwa sababu 3 na hasi 3 zote zikijizidisha zinatoa 9. Hapa ndipo inapohitajika namba ya pili, na 1 inatosha. Usemi wa mwanzo unatoa 2 − 12 + 11, yaani 1. Jibu sahihi linatoa 2 mara 4 toa 7, nalo ni 1. Jibu lenye alama iliyogeuka linatoa 2 mara 16 toa 7, yaani 25.

Je, namba mbili zinatosha kuthibitisha, au tumebahatisha tu? Zinatosha, ilimradi namba iliyo mbele ya x² ni ileile pande zote mbili. Ukitoa usemi mmoja kwenye mwingine, zile x² zinafutana, na tofauti inayobaki ni ya mstari mnyoofu. Mstari mnyoofu ukiwa sifuri mahali pawili, ni sifuri kila mahali. Ukaguzi wa 0 na 1 kwa hiyo ni uthibitisho kamili.

Baada ya hapo inabaki kuisoma nukta ya kugeukia, na hapa pia watu hupotea wakiwa na jibu sahihi mkononi. Katika 2(x − 3)² − 7, sehemu yenye mraba haiwezi kuwa chini ya sifuri. Thamani ndogo kabisa inapatikana pale mraba huo unapokuwa sifuri, na hilo hutokea x ikiwa 3, kwa sababu 3 toa 3 ni sifuri. Nukta ni (3, −7). Anayenakili hasi iliyo ndani ya mabano anaandika (−3, −7). Ajaribu kuiweka hasi 3 kwenye usemi wa mwanzo: 18 + 36 + 11 ni 65, mbali sana na hasi 7. Ukaguzi ninaoupenda zaidi ni wa majirani. Chukua x iliyo moja kabla na moja baada ya 3. Kwa 2 unapata 8 − 24 + 11, yaani hasi 5. Kwa 4 unapata 32 − 48 + 11, hasi 5 vilevile. Pande zote mbili zimelingana na zote ziko juu ya hasi 7, kwa hiyo 3 ndiyo katikati na ndiyo chini kabisa.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wanafunzi hodari. Swali likisema 2x² − 12x + 11 = 0, ni halali kugawanya kila kitu kwa 2, maana sifuri kwa 2 ni sifuri na majibu ya x hayabadiliki. Lakini likiulizwa swali la nukta ya kugeukia, kugawanya kunaubadilisha mchoro wenyewe. Unapata (x − 3)² − 3.5, na nukta (3, −3.5). Namba ya kwanza ni sahihi, ya pili ni nusu ya inayotakiwa. Sifuri inalifichua hili mara moja: inatoa 5.5 badala ya 11.

Namba iliyo mbele ya x² ikiwa hasi, mchoro unapinduka na nukta inakuwa kilele. Tuseme mfugaji ana mita 40 za wavu na anataka kuzungushia kuku uwanja unaoegemea ukuta, ili wavu utumike pande tatu tu. Pande mbili zinazotoka ukutani zikiwa mita x kila mmoja, upande wa tatu ni 40 − 2x, na eneo ni −2x² + 40x. Ukikamilisha mraba unapata −2(x − 10)² + 200. Eneo kubwa kabisa ni mita za mraba 200, x ikiwa 10. Majirani wanakubali: 9 mara 22 ni 198, na 11 mara 18 ni 198.

Hesabu hiyo inadai ukuta wenye urefu wa angalau mita 20. Ukuta ukiwa wa mita 16 na uwanja usiruhusiwe kuupita, 40 − 2x haiwezi kuzidi 16, basi x haiwezi kupungua chini ya 12. Kilele kiko 10, nje ya eneo linaloruhusiwa, na kuanzia 12 kwenda mbele thamani zinashuka tu. Kwa mfugaji huyo jibu ni mita 12 kwa mita 16, na eneo lake ni mita za mraba 192.