Takwimu za Sinza na Kinondoni: Kwa Nini Wikipedia Hainukuliwi, na Namna Tanbihi Zake Zinavyofikisha Kwenye Chanzo cha Msingi

Dar es Salaam. Wanafunzi wa vyuo wanaoishi Sinza, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huianza insha ya kitaaluma kama wenzao wa mahali pengine: hufungua simu, huandika neno linalotafutwa na kuukuta ukurasa wa Wikipedia ukiwa miongoni mwa majibu ya mwanzo. Kazi inaporudishwa, mhadhiri huwa amepiga mstari chini ya jina hilo katika orodha ya marejeo. Wengi hudhani kuwa wamekosolewa kwa sababu ukurasa huo una uongo. Sababu yenyewe ni tofauti, na kuielewa humwezesha mwandishi kuutumia ukurasa huohuo kwa faida.

Wikipedia, iliyoanzishwa Januari 2001, ni kamusi elezo. Kwa kanuni zake yenyewe, haipokei utafiti mpya. Kila maelezo yanatakiwa yawe yamekwisha kuchapishwa mahali pengine panapoaminika. Hivyo, anayeinukuu humnukuu mpokezi wa habari badala ya shahidi. Zaidi ya hayo, kurasa zake nyingi zinaweza kuhaririwa na mtu yeyote, na sentensi iliyosomwa leo inaweza kuwa imebadilika wiki ijayo, wakati msahihishaji atakapotaka kuihakiki. Ndiyo maana Wikipedia yenyewe huwashauri wanafunzi wasiifanye kuwa marejeo ya kazi zao.

Pamoja na hayo, kanuni inayodai kila maelezo yawe na chanzo ndiyo inayoupa ukurasa huo thamani. Mwishoni mwa kurasa za Kiswahili huwa kuna sehemu zenye vichwa kama Tanbihi, Marejeo na Viungo vya nje. Hapo ndipo pa kuanzia.

Chukua mfano wa mwanafunzi aliyepewa insha kuhusu ongezeko la watu katika Manispaa ya Kinondoni. Katika usomaji wake anakutana na takwimu mbili: watu 1,775,049 kwa Sensa ya mwaka 2012, na watu 982,328 kwa Sensa ya mwaka 2022. Akiziweka sambamba kama zilivyo, atahitimisha kuwa Kinondoni ilipoteza watu 792,721 katika miaka kumi, kisha huenda akaanza kutafuta sababu za watu kuhama. Takwimu zote mbili ni sahihi, lakini hitimisho si sahihi.

Kosa hilo hugundulika kwa kufuata tanbihi. Hatua ya kwanza ni kubonyeza namba ndogo iliyo mwishoni mwa sentensi yenye takwimu, kisha kusoma tanbihi nzima: ni nani aliyechapisha, mwaka gani na ukurasa upi. Kwa takwimu za sensa, taasisi inayotarajiwa kuonekana ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS). Tanbihi ikielekeza kwenye gazeti au tovuti ya mtu binafsi inayokusanya takwimu, safari haijafika mwisho, kwani navyo vimepokea kutoka kwingine. Msomaji aangalie vyombo hivyo vinataja chanzo gani, kisha akifuate.

Hatua ya pili ni kuifungua ripoti yenyewe. Mara nyingi kiungo hakifunguki, kwa kuwa tovuti hufanyiwa maboresho na anwani za nyaraka hubadilika. Hilo halimaanishi kuwa ripoti imetoweka. Jina lake likiandikwa kwenye kisanduku cha utafutaji, kwa mfano "Population Distribution by Administrative Areas 2012", pamoja na herufi NBS, huweza kupatikana katika anwani nyingine. Njia ya pili ni kunakili anwani ya zamani na kuibandika katika web.archive.org, hifadhi inayotunza nakala za kurasa zilizopita. Anayetaka nakala ya karatasi anaweza kuulizia Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kusoma jedwali lote na siyo namba inayotafutwa peke yake. Katika ripoti ya Sensa ya 2012, Mkoa wa Dar es Salaam una wilaya tatu tu: Kinondoni, Ilala na Temeke. Chini ya Kinondoni zimeorodheshwa kata za Sinza, Manzese, Kimara, Kibamba na nyinginezo. Wilaya ya Ubungo haimo kabisa. Katika Sensa ya 2022 wilaya ni tano, zikiwamo Ubungo na Kigamboni, na kata hizo nne zimo Ubungo. Watu wa Sinza hawakuhama. Mpaka wa utawala ndio uliohama.

Hapo ulinganisho sahihi unawezekana. Mwaka 2022 Kinondoni ilikuwa na watu 982,328 na Ubungo 1,086,912, jumla 2,069,240. Kwa kuwa Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, jumla hiyo ndiyo inayopaswa kulinganishwa na 1,775,049 ya mwaka 2012. Hivyo eneo lililokuwa Kinondoni ya zamani liliongezeka watu 294,191, sawa na takribani asilimia 16.6. Insha iliyokuwa ieleze upungufu sasa inaeleza ongezeko. Tahadhari hiyo inahitajika pia kwa Temeke, ambayo Kigamboni ilitengwa kutoka kwake.

Tanbihi nazo zina mipaka yake. Wakati mwingine chanzo kilichotajwa, kikifunguliwa, hakisemi kile ambacho ukurasa unadai. Namba inaweza kuwa ya wilaya ilhali sentensi inazungumzia kata. Wakati mwingine gazeti lililotajwa kuwa chanzo lilinakili kutoka Wikipedia, na ukurasa ukalitumia gazeti hilo kujithibitisha. Mzunguko huo hutambulika kwa kulinganisha tarehe: sehemu ya historia ya ukurasa huonyesha sentensi iliingizwa siku gani. Ikiwa iliingizwa kabla ya gazeti kuchapishwa, na gazeti halitaji chanzo kingine, ushahidi huo haufai kutegemewa.

Hatua ya mwisho ni unukuzi. Mwandishi aliyeisoma ripoti huitaja ripoti hiyo: Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mwaka wa kuchapishwa, jina la ripoti na ukurasa wenye jedwali. Wikipedia haihitaji kutajwa, kwa kuwa ilikuwa njia ya kufikia chanzo. Lakini asiyeiona ripoti hapaswi kunakili tanbihi na kuifanya ionekane kana kwamba ameisoma. Kufanya hivyo ni udanganyifu wa kitaaluma, na msahihishaji huweza kuubaini kwa urahisi, kwani kosa la ukurasa au la mwaka lililo katika tanbihi hujirudia vilevile katika insha. Katika hali hiyo, njia ya haki ni kutaja chombo ambacho mwandishi amekisoma kweli, na kueleza kuwa takwimu imenukuliwa humo kutoka katika ripoti ya sensa.