Kumb. Na. katika barua rasmi

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima wa chai cha Matwebe kinachomjibu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe, Tukuyu. Juu ya barua huwekwa anwani ya kikundi, tarehe na Kumb. Na., yaani namba ya kumbukumbu ya mwandishi mwenyewe. Hufuata cheo na anwani ya mpokeaji, kisha maamkizi: “Ndugu,”. “Mheshimiwa” humfaa mbunge au diwani.

Chini yake huja mada kwa herufi kubwa, bila nukta mwishoni:

YAH: OMBI LA MATENGENEZO YA BARABARA

Namba ya halmashauri hutajwa katika aya ya kwanza: “Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. … ya tarehe …”. Ikiwekwa juu, mahali pa namba ya kikundi, halmashauri itakapojibu haitakuwa na namba ya kikundi ya kurejelea. Ikiachwa kabisa, karani wa masjala hatajua jibu liingie jalada lipi.

Aya ya pili hueleza hali, ya tatu huomba jambo moja bayana. Hufuata “Nakushukuru kwa ushirikiano wako”, sahihi, jina na cheo. Anayesaini kwa niaba ya mwenyekiti hutanguliza “K.n.y.” kabla ya cheo hicho. “Wako mtiifu” huifaa zaidi barua ya mtu binafsi, kama ya kuomba kazi.